Namna ya Kuandika Muhtasari wa Hati Yenye Maneno Yaliyofichwa kwa Weusi bila Kubuni Kilichofichwa

Waandishi wa habari chipukizi, makarani wa mawakili na wanafunzi wa historia wamekuwa wakiniuliza swali lilelile kwa miaka kadhaa. Mkuu wa kazi amepakia faili, ameagiza muhtasari wa ukurasa mmoja, na faili inapofunguliwa sentensi zinaonekana zimekatwakatwa na vipande vyeusi. Anayeuliza anataka kujua kama aviruke vipande hivyo kana kwamba havipo, au ajaze neno ambalo linaonekana wazi kwamba ndilo lililokuwepo. Jibu langu ni kwamba asifanye lolote kati ya hayo mawili, na mwongozo huu unaeleza afanye nini badala yake.

Nitatumia hati moja ya kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni taarifa ya kijasusi aliyopewa Rais George W. Bush wa Marekani tarehe 6 Agosti 2001, siku moja kabla ya kutimia miaka 3 tangu balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Kichwa chake kinasema kwamba Bin Ladin amedhamiria kushambulia ndani ya Marekani. Ilitolewa hadharani tarehe 10 Aprili 2004, ikiwa na urefu wa ukurasa mmoja na nusu hivi, na baadhi ya maneno yake yamefichwa. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, inawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja, na mapengo yake ni madogo kiasi kwamba kishawishi cha kuyajaza ni kikubwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na faili yenyewe kama ilivyotumwa, si nakala iliyopitia mikono mingine. Uwe na karatasi au jedwali la kuorodhesha mapengo, kalamu za rangi mbili, na kioo cha kompyuta kikubwa cha kutosha kuona ukurasa mzima kwa pamoja, kwa kuwa simu ya mkononi hukata pembezoni, na mara nyingi pembezoni ndiko kuliko na alama muhimu. Mwisho, mwulize aliyekutuma maswali mawili: muhtasari ni wa nani, na je, anataka yaliyomo katika hati peke yake au pia yale yanayojulikana kutoka kwingine? Usipouliza sasa, utajikuta unachanganya mambo hayo mawili ukiwa katikati ya kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba weusi huo ni wa kuficha

Si kila doa jeusi limewekwa kwa makusudi. Fotokopi mbaya huacha kivuli, muhuri hufunika maandishi, na ukingo wa karatasi iliyokunjwa hutoka mweusi. Kipande cha kuficha huwa na kingo zilizonyooka, hufuata mstari wa maandishi, na mara nyingi huwa na alama pembeni. Baadhi ya ofisi hazitumii weusi kabisa, bali huacha nafasi nyeupe au mabano matupu. Ripoti ya tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, iliyotoka Julai 2004, iliichapa upya taarifa hii, na penye weusi iliweka mabano. Kama huwezi kujua ni doa au ni ufichaji, liorodheshe kuwa "haisomeki", wala usiliite "imefichwa".

Hatua ya 2: Soma ukurasa kama picha, usinakili maandishi

Hili ndilo kosa la kwanza la wengi. Mtu hufungua faili, huchagua maandishi yote, huyanakili kwenye ukurasa mpya na kuanza kufupisha kutoka hapo. Mambo mawili yanaweza kuharibika.

La kwanza ni kwamba programu inayogeuza picha kuwa maandishi haijui kipande cheusi ni nini. Mara nyingi hukiruka na kuziunganisha pande mbili za sentensi, ukabaki na sentensi inayosomeka vizuri lakini ambayo hakuna aliyeiandika. Ikiwa lililofichwa lilikuwa neno la kukanusha, au sharti linaloanza na "iwapo", sentensi iliyounganishwa itasema kinyume cha hati, nawe hutaona dalili yoyote ya kwamba kuna kitu kimepotea.

La pili ni kinyume chake: maneno yaliyofichwa yanaweza kuwa bado yamo. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani Washington hati yenye vipande vyeusi, kumbe weusi ulikuwa umewekwa juu ya maandishi bila kuyafuta. Yeyote aliyenakili sehemu hiyo na kuibandika kwingine aliyasoma maneno yote. Ukifanya kazi kwa kunakili, unaweza kuingiza maneno ya namna hiyo katika muhtasari wako bila kujua kwamba yalikusudiwa kufichwa.

Kwa hiyo soma ukurasa kwa macho. Ukihitaji kunukuu, andika kwa mkono wako, na penye kipande cheusi weka [imefichwa].

Hatua ya 3: Orodhesha mapengo yote kabla ya kuandika sentensi hata moja

Kwa kila pengo andika mambo manne: liko ukurasa na aya gani, lina ukubwa gani kwa makadirio (neno, mstari, aya au ukurasa mzima), lina alama gani pembeni, na limezungukwa na maneno gani. Katika taarifa yetu nitachukua mapengo matatu.

Pengo la kwanza liko pale hati inaposema kwamba, baada ya Marekani kushambulia kambi ya Bin Ladin nchini Afuganistani kwa makombora mwaka 1998, Bin Ladin aliwaambia wafuasi wake kwamba anataka kulipiza kisasi Washington. Habari hiyo inatajwa kuwa imetoka kwa idara fulani, na maelezo yaliyoitangulia "idara" katika Kiingereza yamefichwa. Pengo la pili liko katika sentensi inayofuata: mtu wa kundi la Jihadi ya Kiislamu ya Misri aliiambia idara [imefichwa] kwamba Bin Ladin alipanga kutumia uwezo wa mtu huyo wa kuingia Marekani ili kufanya shambulio. Pengo la tatu liko kuelekea mwisho, ambapo idara [imefichwa] ilisema mwaka 1998 kwamba Bin Ladin alitaka kuteka ndege ya Marekani ili Sheikh Umar Abd al-Rahman na wenzake waliokuwa wameshikiliwa na Marekani waachiliwe.

Angalia kwamba sikuandika "idara ileile" popote. Mapengo matatu yanayofanana hayathibitishi kwamba neno lililofichwa ni moja, na muhtasari unaosema "idara hiyo ilirudia onyo lake" utakuwa umezusha uhusiano ambao haumo katika hati.

Kuhusu ukubwa, "neno moja au mawili" inatosha. Usichukue rula. Mwaka 2004 watafiti wawili, Claire Whelan na David Naccache, walifanya hivyo hasa kwa pengo la pili. Walitambua aina ya herufi, wakapima upana wa kipande cheusi, kisha wakatafuta katika kamusi maneno yanayoenea humo. Kiingereza cha hati kilikuwa na "an" kabla ya weusi, kwa hiyo walitafuta maneno yanayoanza kwa herufi ya irabu. Yalibaki maneno machache, miongoni mwao yale yenye maana ya "ya Misri", "ya Ukrainia" na "ya Uganda", nao wakaona kwamba la Misri ndilo lililolingana zaidi na muktadha. Ni kazi ya ustadi, na ninaiheshimu kama utafiti wa usalama wa hati. Hata hivyo, kipimo chenyewe hakikuweza kutenganisha Misri na Uganda; kilichotenganisha ni hoja ya muktadha, na hoja ya muktadha ndiyo kubahatisha kwenyewe. Mwandishi wa muhtasari hana nafasi ya kuingia huko.

Hatua ya 4: Pima sentensi iliyobaki kama inaweza kusimama

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Kwa kila sentensi yenye pengo, jiulize ni nini kinachoweza kusemwa hata kama chochote kile kingekuwa chini ya weusi. Ninatumia kalamu ya kijani kupigia mstari kinachosimama, na nyekundu kwa kinachoanguka.

Katika pengo la kwanza, dai la kwamba Bin Ladin alitaka kulipiza kisasi Washington linasimama kama dai lililoripotiwa. Kilichofichwa ni utambulisho wa aliyeripoti. Muhtasari unaweza kubeba dai, lakini hauwezi kulipa uzito wa chanzo, kwa sababu chanzo ndicho kilichofichwa. Huwezi kuandika "vyanzo vya kuaminika" wala "idara ya nchi rafiki".

Pengo la tatu linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sentensi yake inaanza na maneno ambayo wengi huyaacha wanapofupisha: waandishi wa taarifa wanasema hawajaweza kuthibitisha baadhi ya habari za kushtua zaidi, na habari ya kuteka ndege wanaitoa kama mfano wake. Ukiandika "Rais alionywa kwamba Bin Ladin angeteka ndege", umeondoa shaka ambayo hati yenyewe imeiweka. Lakini pia ukiishia kwenye shaka hiyo utakosea, kwa sababu sentensi inayofuata, ambayo haina pengo, inasema kwamba taarifa za FBI, shirika la upelelezi la Marekani, tangu wakati huo zinaonyesha mwenendo wa kutiliwa shaka unaolingana na maandalizi ya utekaji au mashambulizi ya aina nyingine. Mtu anayekodolea macho weusi huweza kuyapita maneno yaliyo wazi kando yake.

Kuna aina ya tatu ya sentensi, ambayo haimo katika mifano hii lakini utakutana nayo: ile ambayo kitenzi au kiini chake kimefichwa, kama vile "Kamati iliamua [imefichwa] malipo ya mkandarasi". Kamati inaweza kuwa imeidhinisha, imesitisha au imeahirisha. Kinachosimama hapo ni kwamba kulikuwa na uamuzi kuhusu malipo, basi. Andika hivyo hivyo, hata kama sentensi itaonekana nyonge.

Hatua ya 5: Andika, ukijihadhari na Kiswahili chenyewe

Kufupisha hati ya Kiingereza kwa Kiswahili kuna mtego ambao mwenzetu anayefupisha kwa Kiingereza hana. Kiswahili hudai upatanisho wa ngeli, na ngeli ni habari. Tuseme hati imeficha mtendaji: [imefichwa] iliiambia FBI jambo fulani. Nimekwisha kosea kwa kuandika "iliiambia", kwa sababu nimesema mtendaji ni idara au kampuni. "Aliiambia" ingesema ni mtu, "waliiambia" kwamba ni watu wengi, na "liliiambia" kwamba ni shirika. Hati ya Kiingereza haikusema lolote kati ya hayo.

Njia ya kutoka ni kugeuza sentensi itendwe, kisha kutumia neno "chanzo", ambalo linaweza kuwa mtu, ofisi au karatasi: "FBI iliambiwa jambo fulani, chanzo cha habari hiyo kimefichwa." Usiandike "jina la chanzo limefichwa" isipokuwa una hakika kwamba lililofichwa ni jina, kwani inawezekana ni cheo, nchi au maelezo marefu.

Mtego wa pili ni tafsiri inayojaza pengo kwa heshima. Kiingereza kinasema tu "idara" ikiwa na weusi mbele yake, na mkono unataka kuandika "idara ya ujasusi ya nchi ya kigeni", kwa sababu sentensi ya kwanza ya taarifa inataja ripoti za siri, za serikali za kigeni na za vyombo vya habari. Huenda ni sahihi. Hata hivyo hati haikusema hivyo mahali hapo, nami huishia kwenye "idara ambayo maelezo yake yamefichwa".

Vilevile ogopa maneno "inaelekea", "bila shaka" na "yumkini" karibu na pengo. Mwandishi huyatumia akidhani anaonyesha tahadhari, lakini msomaji hulikumbuka neno linalofuata na kuisahau tahadhari.

Hatua ya 6: Mwambie msomaji mapengo yako wapi na yanaathiri nini

Dokezo la jumla mwishoni kwamba "baadhi ya sehemu zimefichwa" halimsaidii mtu. Weka taarifa ya pengo palepale linapoathiri dai. Kama kuna alama ya sababu, itafsiri bila kuiongezea. Hati zinazotolewa chini ya sheria ya uhuru wa habari ya Marekani huwa na alama kama (b)(1), inayohusu siri za ulinzi na mambo ya nje, na (b)(6), inayohusu faragha ya mtu. Ripoti ya Aprili 2019 ya Robert Mueller, mwendesha mashtaka maalumu aliyechunguza Urusi kuingilia uchaguzi wa Marekani wa 2016, iliandika sababu juu ya weusi wenyewe, kwa makundi manne, likiwemo la faragha na la mbinu za uchunguzi. Alama ya faragha inakueleza kwa nini sehemu imefichwa. Haikuambii kwamba chini yake kuna jina, wala kwamba mwenye jina amefanya kosa.

Muhtasari wa taarifa yetu unaweza kusomeka hivi:

"Taarifa ya tarehe 6 Agosti 2001 inasema kwamba tangu 1997 Bin Ladin amekuwa akitaka kushambulia ndani ya Marekani. Inataja madai mawili yanayohusiana na idara ambazo maelezo yake yamefichwa: kwamba baada ya mashambulizi ya makombora ya 1998 alitaka kulipiza kisasi Washington, na kwamba alipanga kumtumia mtu wa Jihadi ya Kiislamu ya Misri aliyekuwa na uwezo wa kuingia Marekani. Kwa kuwa maelezo ya idara hizo hayaonekani, hati iliyotolewa haimwezeshi msomaji kupima uzito wake, wala kujua kama ni idara moja. Inatumia milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam kuonyesha kwamba Bin Ladin huandaa mashambulizi kwa miaka mingi, ikisema balozi hizo zilichunguzwa na washirika wake mapema kama 1993. Inataja dai la 1998, kutoka kwa idara ambayo maelezo yake yamefichwa, kuhusu kuteka ndege ili wafungwa waachiliwe. Waandishi wanalitoa kama mfano wa habari ambazo hawajaweza kuzithibitisha. Hata hivyo wanasema taarifa za FBI za baadaye zinaonyesha mwenendo unaolingana na maandalizi ya utekaji au mashambulizi mengine, na kwamba FBI inaendesha takriban chunguzi 70 inazozihusisha na Bin Ladin."

Muhtasari huo hautaji tukio la Septemba 11. Wiki tano baadaye dunia nzima ilijua kilichotokea, na kuyajua hayo ndiko kunakomsukuma mwandishi kujaza mapengo kwa rangi ya mambo yaliyokuja nyuma.

Hatua ya 7: Rudi nyuma neno kwa neno

Weka hati upande mmoja na muhtasari upande wa pili. Kwa kila nomino na kila kitenzi katika muhtasari, weka kidole kwenye neno lililo wazi ambalo limekizaa. Kidole kikitua juu ya weusi, futa. Kisha mpe mtu ambaye hajaiona hati asome muhtasari peke yake, na umwulize: "Unadhani idara hiyo ni ya nchi gani?" Akikujibu kwa uhakika, kuna neno ulilolipenyeza. Litafute.

Ukikwama

Mkuu anasema kila mtu anajua neno lililofichwa. Mwombe chanzo chake. Akikupa, liandike katika aya tofauti yenye kichwa kinachosema kwamba ni habari kutoka nje ya hati, ukimtaja aliyesema. Nadharia ya Whelan na Naccache ingeweza kukaa hapo, ikitajwa kuwa ni makisio yao.

Jina limefichwa ukurasa wa 3 lakini linaonekana ukurasa wa 7. Taja la ukurasa wa 7 kwa yale yaliyosemwa ukurasa wa 7 tu. Usilirudishe nyuma, hata kama urefu unalingana.

Kuna toleo jingine lenye weusi mchache. Hilo ni jambo la kawaida kwa hati za zamani, kwani huweza kupitiwa upya na kuachiliwa zaidi. Sasa neno si la kubahatisha tena, ila sema wazi ni toleo lipi na la tarehe gani, na uangalie kama sehemu iliyo wazi katika toleo la kwanza haikufichwa katika la pili.

Zaidi ya nusu ya hati ni nyeusi. Usiite kazi yako muhtasari wa hati, bali muhtasari wa sehemu zinazosomeka, na utaje idadi ya kurasa zilizofichwa kabisa. Kurasa 4 zinazosomeka kati ya 19 hutoa nusu ukurasa wa muhtasari, hata kama uliagizwa ukurasa mzima.

Umeona maneno yaliyo chini ya weusi kwa bahati mbaya. Simamisha kazi, usiyanakili popote, na umjulishe aliyekutumia faili kwamba ufichaji wake haukukamilika, ukitaja ukurasa na mstari lakini si maneno yenyewe. Uamuzi wa kuyatumia au kutoyatumia ni wa mhariri au wakili anayebeba dhamana, na mara nyingine ni wa mahakama. Ukisubiri jibu, mwachie mwenzako ambaye hajayaona aandike sehemu hiyo, kwa sababu wewe huwezi tena kuisoma sentensi ile kana kwamba ina pengo.